Dai limelipwa mara mbili na ukaguzi haukuona: kutatua matatizo ya kunasa madai yanayojirudia na yenye sufuri nyingi

Mwongozo huu ni wa timu yenye mfumo wa madai ya matumizi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ukaguzi unaojiendesha kila usiku, na mhakiki wa fedha anayepokea orodha asubuhi. Mifano ni ya ofisi ya Nairobi, ambako dai moja linaweza kuja na ujumbe wa M-Pesa, risiti ya kodi ya eTIMS, au karatasi ya pampu iliyofifia kwa jua la dashibodi. Majina ya majedwali ni ya mfano: `madai` ni jedwali la madai yenyewe, na `jozi` ni jedwali la madai mawili mawili yaliyoshukiwa kufanana.

Kabla ya kubadilisha kanuni yoyote, kumbuka kwamba kila alama ya shaka inamwangukia mtu mwenye jina. Dereva aliyetoa pesa zake mfukoni kununua mafuta ya kampuni, dai lake likazuiwa wiki mbili kwa sababu ya kanuni mbovu, ameumizwa kweli. Kwa hiyo kanuni inayonasa kila kitu ina kasoro kubwa sawa na ile isiyonasa chochote.

Dalili: malipo mawili yametoka kwa matumizi mamoja, na orodha haikuonyesha kitu

Hii ndiyo kasoro inayoanza kulalamikiwa, na mara nyingi chanzo chake ni kwamba ukaguzi unalinganisha nambari za kumbukumbu peke yake. Tuchukue kisa kimoja mpaka mwisho.

Tarehe 14 Novemba 2024, gari la ofisi linajazwa mafuta Westlands kabla ya safari ya Nakuru. Bei ya juu ya petroli Nairobi iliyowekwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwa kipindi hicho ilikuwa shilingi 180.66 kwa lita. Pampu inaonyesha lita 27.40, na kiasi 4,950.08. Afisa aliyekaa kiti cha mbele analipa kwa M-Pesa shilingi 4,950, na dereva anachukua karatasi ya pampu. Jioni dereva anaingiza dai kwa risiti aliyo nayo, labda kwa mazoea tu, kwa kuwa mafuta huwa ni kazi yake. Siku nne baadaye afisa naye anaingiza dai lake kwa ujumbe wa M-Pesa.

Hakuna kitu kinacholingana barabara kati ya madai haya mawili. Waliodai ni watu tofauti. Kumbukumbu moja ni nambari ya risiti na nyingine ni nambari ya muamala. Tarehe zinatofautiana kwa sababu afisa aliacha fomu ijaze tarehe ya kuwasilisha, yaani 18. Hata kiasi kinapishana kwa senti nane, na kanuni inayosema `a.kiasi = b.kiasi` inayapita madai haya kama vile hayajawahi kukutana.

Ili uyakamate, linganisha kiasi kwa nafasi ya shilingi moja kila upande, na tarehe ya matumizi kwa nafasi ya siku chache:

```sql
INSERT INTO jozi (dai_jipya, dai_la_awali)
SELECT a.id, b.id
FROM madai a
JOIN madai b
  ON b.id < a.id
 AND b.kiasi BETWEEN a.kiasi - 1 AND a.kiasi + 1
 AND b.tarehe BETWEEN a.tarehe - 5 AND a.tarehe + 5
WHERE a.iliingizwa >= now() - interval '8 days'
ON CONFLICT DO NOTHING;
```

Angalia mambo matatu hapa. Sharti la `b.id < a.id` linazuia dai lisijilinganishe na lenyewe, na linahakikisha kila jozi inatokea mara moja badala ya mbili. Sharti la siku nane liko upande wa `a` peke yake. Ukiliweka pande zote mbili, dai la wiki hii halitalinganishwa kamwe na dai la mwezi uliopita lenye tarehe ileile ya matumizi, na wanaochelewesha madai mpaka mwisho wa mwezi ni wengi. Tatu, ukaguzi unakwenda kila usiku lakini unatazama siku nane nyuma. Hiyo ni kwa makusudi: usiku mmoja ukikosa kuendeshwa, unaofuata unaziba pengo.

Safu ya `kiasi` lazima iwe ya aina ya `numeric`, na `tarehe` iwe `date`. Kama kiasi kilihifadhiwa kama maandishi, “4,950” na “4950.00” ni vitu viwili tofauti kabisa machoni pa hifadhidata.

Yapo madai ambayo hata nafasi ya shilingi moja haiyafikii. Aliyetuma 4,800 kwa nambari ya simu ya mwenye duka alikatwa ada ya shilingi 57; dai moja litaandikwa 4,800 na la pili 4,857. Usishughulikie hili kwa kupanua nafasi iwe shilingi 110 kwa kila mtu, maana utafunikwa na jozi zisizo na maana. Andika kanuni ya pili, yenye nafasi hiyo pana, inayofanya kazi pale tu ambapo aliyedai ni mmoja au nambari ya gari ni moja.

Nambari za M-Pesa zinastahili kanuni yake. Zina herufi na tarakimu, kumi kwa jumla, na mtu anayezinakili kwa mkono kutoka kwenye simu huchanganya O na 0, au I na 1. Zisafishe pande zote mbili kabla ya kulinganisha:

```sql
NULLIF(translate(upper(
  regexp_replace(kumbukumbu, '[^A-Za-z0-9]', '', 'g')),
  'OI', '01'), '')
```

Nambari hiyo pia inaeleza siku ya muamala. Kwa miamala ya wakati huo, herufi ya kwanza ilikuwa ya mwaka, ya pili ya mwezi, na ya tatu ya siku. Iliyoanza na SKE ilifanyika 2024, mwezi wa kumi na moja, siku ya 14, kwa kuwa baada ya siku ya 9 hesabu inaendelea na A, B, C. Katika kisa chetu afisa aliandika tarehe 18 lakini nambari yake inasema 14. Mhakiki akiliona hilo kando ya jozi, nusu ya kazi imekwisha.

Dalili: orodha imejaa mafuta ya elfu tatu, na mhakiki ameacha kuisoma

Hapa kanuni ya kwanza inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Nairobi watu wengi hununua mafuta kwa pesa, si kwa lita. Dereva anamwambia mhudumu aweke ya elfu tatu, na magari manne ya ofisi moja yanaweza kuwekewa elfu tatu katika wiki moja bila ujanja wowote. Kanuni inaona magari manne, na inatoa jozi sita. Siku za ziara za nje ya mji zinafika thelathini.

Kiasi kinachoishia na sufuri nyingi kina uzito mdogo kama ushahidi wa kujirudia. Madai mawili ya 4,950 yana uzito mkubwa, kwa sababu ni nadra watu wawili kufikia kiasi hicho kwa bahati. Madai mawili ya 3,000 hayathibitishi lolote peke yake. Watu wengi huchukulia sufuri na kujirudia kama dalili mbili za kujumlishwa pamoja, wakaipa jozi ya 3,000 alama za juu kuliko ya 4,950. Huko ni kugeuza mambo juu chini.

Pima uadimu wa kiasi chenyewe. Kwa kila jozi, hesabu ni mara ngapi kiasi hicho kimetokea kwa aina hiyo ya matumizi katika siku 180 zilizopita:

```sql
SELECT count(*) FROM madai
WHERE aina = 'mafuta'
  AND round(kiasi) = 4950
  AND tarehe >= current_date - 180;
```

Tuseme 3,000 imetokea mara 140, na 4,950 mara mbili, yaani jozi yenyewe tu. Mpaka mzuri wa kuanzia ni mara tano. Kiasi kilichotokea mara tano au chini kinapandisha jozi juu ya orodha bila kuhitaji kitu kingine. Kiasi cha kawaida zaidi ya hapo kinahitaji angalau dalili moja ya ziada ndipo kifike kwa mhakiki: nambari ya gari ileile, kumbukumbu ileile baada ya kusafishwa, au nambari ya PIN ya kodi ya muuzaji pamoja na tarehe ileile. Ofisi ndogo yenye madai mia mbili kwa nusu mwaka inafaa kushusha mpaka huo hadi tatu, kwa sababu hata kiasi cha kawaida hakitarudi mara nyingi humo.

Kwa mafuta, fanya nambari ya gari iwe lazima kwenye fomu. Bila hiyo, jozi ya elfu tatu mbili haiwezi kuamuliwa na mashine wala na mtu.

Dalili: kanuni ya sufuri inawashika madereva na watu wa bodaboda peke yao

Kanuni iliyoandikwa `kiasi % 500 = 0` na kuelekezwa kwa madai yote italeta matokeo haya siku ya kwanza. Nauli ya bodaboda ni ya mapatano na huishia 50, 100 au 200. Muda wa maongezi hununuliwa kwa mamia. Posho ya safari imewekwa na ofisi yenyewe, na karibu kila mara ni kiasi cha maelfu kamili. Fundi wa magari hutaja bei ya kazi kwa mafungu ya elfu. Wenye vipato vidogo ndio wanaolipa kwa njia hizi, kwa hiyo kanuni inawaonea bila mwandishi wake kukusudia.

Toa kwanza posho, muda wa maongezi, bodaboda na mafuta. Kwa aina zilizobaki, kama teksi, chakula na vifaa vya ofisi, usiliwekee alama dai moja moja. Mlinganishe aliyedai na wenzake wa aina hiyohiyo ya matumizi. Tuseme katika siku 90 kulikuwa na madai 200 ya teksi, na 46 kati yake yaliishia na 500 au 1,000 kamili. Hiyo ni asilimia 23. Mtu mwenye madai 14 angetazamiwa kuwa na matatu hivi ya namna hiyo. Akiwa na 11, hilo linastahili swali. Akiwa na matano, mwache. Mwenye madai chini ya 12 usimpime kabisa, kwa sababu kwa idadi ndogo hivyo bahati inatosha kuleta tofauti yoyote.

Teksi ni mfano mzuri kwa kuwa programu za simu hupiga nauli kwa umbali na muda, na ni nadra safari tofauti kuangukia 500 mara kwa mara. Hata hivyo mhakiki aanze na maelezo ya kawaida. Dereva alikosa chenji, abiria akatoa 500 kwa safari ya 460. Au mtu alipoteza kumbukumbu na akakadiria. Kukadiria si wizi, ingawa ni kasoro ya kurekebisha. Njia ya haraka ya kuamua ni kuomba orodha ya safari iliyomo ndani ya programu ya teksi yenyewe. Hukaa pale hata baada ya risiti kupotea.

Tazama pia kama hizo sufuri zimekusanyika chini kidogo ya kikomo cha kudai bila risiti, au kwenye kikomo chenyewe barabara. Ofisi isiyodai risiti mpaka shilingi 1,000, ikiwa na mtu mwenye madai tisa ya 1,000 kamili na hakuna hata moja la 1,040, ina jambo la kuuliza.

Mafuta tuliyotoa kwenye kanuni hii yana kipimo chake, na ni kizuri zaidi. Karatasi ya pampu ina lita, bei ya lita na jumla. Aliyenunua kwa pesa atakuwa na jumla safi na lita zenye desimali: 3,000 kwa bei ya 180.66 ni lita 16.61. Aliyenunua kwa lita atakuwa kinyume: lita 20 ni 3,613.20. Lita 20.00 pamoja na 3,600.00 kwenye karatasi moja maana yake ni kwamba lita iliuzwa 180 kamili. Hilo linawezekana, kwa kuwa bei ya EPRA ni ya juu kabisa na kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake. Linganisha basi na risiti nyingine za kituo hicho siku hiyo. Kama wengine walilipa 180.66, karatasi hiyo iliandikwa na mtu.

Ruhusu tofauti ya shilingi moja kati ya lita mara bei na jumla, kwa sababu lita huandikwa kwa desimali mbili za karibu zaidi, na tofauti inayotokana na hilo inaweza kufikia senti tisini hivi. Na bei ibadilishwe kwenye jedwali lako kila tarehe 15, kwani kipindi cha EPRA huanza siku hiyo na kuisha tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Jedwali likichelewa siku mbili, kila karatasi ya tarehe 15 na 16 itashukiwa bure. Bei hutofautiana kwa mji pia. Gari lililojazwa Nakuru au Mombasa lisipimwe kwa bei ya Nairobi.

Dalili: asubuhi moja jozi zimeruka kutoka sita hadi mia nne

Usitafute mwizi; tafuta kumbukumbu tupu. Fomu mpya au faili iliyoingizwa kwa wingi imeanza kuhifadhi maandishi matupu, “N/A” au kistari mahali pa kumbukumbu, na kanuni ya kumbukumbu inaona vyote vinafanana. Thamani ya `NULL` hailingani na `NULL` nyingine, kwa hiyo haileti shida hiyo. Maandishi matupu yanalingana na maandishi matupu. Ndiyo sababu ya `NULLIF` katika usafishaji wa hapo juu. “N/A” baada ya kusafishwa inabaki “NA”, kwa hiyo ongeza sharti kwamba kumbukumbu iwe na herufi sita au zaidi.

Chanzo cha pili ni tarehe. Faili iliyopitia kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inaisoma 03/07 kama Machi 7 badala ya Julai 3. Ukiona siku zote ni 12 au chini, na za 13 kwenda juu zimekataliwa au zimegeuka maandishi, umeipata.

Dalili: jozi iliyokwisha kuamuliwa inarudi kila asubuhi

Jedwali la `jozi` linafutwa na kujazwa upya kila usiku, au halina ufunguo wa kipekee. Weka `UNIQUE (dai_jipya, dai_la_awali)`, uache `ON CONFLICT DO NOTHING` ifanye kazi yake, na uamuzi wa mhakiki ukae kwenye safu za jedwali hilohilo: halali, limerudiwa, au linasubiri maelezo, pamoja na sababu kwa maneno machache. Orodha ya asubuhi ichukue tu zile zisizo na uamuzi.

Maneno ya orodha nayo yachunguzwe. Andika “madai haya mawili yanafanana kwa kiasi na siku”, kisha picha za risiti zote mbili kando kwa kando. Neno “udanganyifu” lisitoke kwenye mashine. Katika kisa cha Westlands hakuna aliyedanganya; watu wawili walibeba ushahidi wa malipo mamoja, na kinachotakiwa ni kumrudishia pesa yule ambaye simu yake ndiyo iliyolipa.

Dalili: wiki nzima orodha ni tupu

Orodha tupu ina maana mbili, na lazima uweze kuzitofautisha bila kukisia. Kila mwendesho uandike mstari mmoja kwenye jedwali la kumbukumbu za miendesho: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, madai yaliyokaguliwa, jozi mpya. Barua ya asubuhi itumwe hata kama hakuna jozi, ikisema madai mangapi yalitazamwa. Ikisema sifuri siku ya kazi, kuna kitu kimekatika.

Mara nyingi kimekatika kwenye cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba. Alama ya asilimia ndani ya mstari wa cron ina maana maalumu: amri inakatwa hapo, isipokuwa ukitanguliza mkwaju wa nyuma. Mtu anaongeza tarehe kwenye jina la faili, amri inafanya kazi vizuri akiijaribu kwa mkono, na usiku haifanyi chochote. Mstari sahihi ni huu:

```
0 22 * * * /opt/ukaguzi/endesha.sh >> /var/log/ukaguzi-$(date +\%F).log 2>&1
```

Saa 22 hapo ni ya UTC, ambayo seva nyingi hutumia. Kwa Nairobi ni saa saba usiku. Kenya haibadilishi saa kwa majira, kwa hiyo tofauti ya saa tatu haitasogea. Lakini dai lililoingizwa kati ya saa sita na saa tisa usiku litaonekana la jana yake ikiwa hoja inasoma tarehe kwa UTC. Mwisho wa mwezi hilo linalihamisha dai kwenda mwezi mwingine. Safu ya `iliingizwa`, ikiwa ya aina ya `timestamptz`, igeuze kwanza kwa `AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'`, ndipo uikate kuwa tarehe.

Kipimo cha mwisho ni jozi ya majaribio: madai mawili ya mtu wa kubuni, 4,950.08 na 4,950.00, yakipishana siku nne, kwenye nakala ya hifadhidata isiyolipa mtu. Yaendeshe kila unapogusa kanuni. Yasipotokea kwenye orodha, rudisha kanuni ya zamani siku hiyohiyo, kisha tafuta sababu.